"Kidonda Kiwe Kikavu": Kikavu Vipi?

Mdogo wangu aliruhusiwa kurudi nyumbani siku ya tatu baada ya kujifungua kwa upasuaji, akiwa na karatasi yenye maagizo matatu: kidonda kiwe kikavu, apumzike, na arudi akiona dalili za maambukizi, kama wekundu, au tatizo lolote. Aliyatii yote. Kwa kuwa kidonda kilitakiwa kuwa kikavu, hakukigusa kwa maji hata mara moja, na jasho likakaa kwenye mkunjo wa tumbo ulioufunika mshono. Siku ya saba gauni lake la kulalia lilikuwa na doa la majimaji ya njano yenye harufu. Daktari alilazimika kufungua sehemu ya mshono ili usaha utoke, na kidonda kikaoshwa na kufungwa upya kila siku kwa wiki 3.

Nakubali, shingo upande, kwamba daktari wa upasuaji huandika kwa ufupi kwa sababu maandishi yake yanawalenga madaktari wenzake. Basi anayeyahamishia kwenye karatasi ya mama ayafungue! Bandeji ikishaondolewa, "kikavu" maana yake ni kunawa mikono, kuacha maji safi yapite juu ya mshono bila kuusugua, kuinua mkunjo wa tumbo, kisha kuukausha kwa kuugusagusa na kitambaa safi mpaka unyevu uishe. Hakuna haja ya dawa za kupaka ambazo daktari hakuziagiza.

Linaloniudhi zaidi ni neno "wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa, na mdogo wangu alikuwa akiutafuta kwenye kioo kila asubuhi, huku ngozi kando ya mshono ikizidi kuwa ngumu, yenye kung'aa na ya moto. Ninyi mnaoandika karatasi hizi, mngemwambia aweke mgongo wa mkono kando ya mshono, kisha juu ya paja, alinganishe joto, angejua mapema. Mngemwambia pia kwamba maumivu yanapaswa kupungua siku hadi siku, kwa hiyo yakianza kupanda tena, au homa ikifika nyuzi 38, au mshono ukiachia, arudi siku hiyo hiyo.

Kuhusu kupumzika, asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake kwa takriban wiki 6, ila atembee taratibu kila siku, maana kulala tu kitandani huongeza hatari ya damu kuganda miguuni.

Na yapo mambo ambayo hayasubiri tarehe ya kliniki, hata ikiwa ni usiku wa manane: damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukata, na kichwa kuuma vikali huku macho yakiona ukungu. Katika karatasi ya mdogo wangu, hayo yote yalikuwa yamefupishwa kwa maneno mawili: "tatizo lolote".