Bushi ya mkokoteni: brasi au chuma?

Mafundi wa jua kali wa Kisumu wanaounda mikokoteni ya ng'ombe hawakubaliani kuhusu bushi ya gurudumu, yaani bomba fupi linalozunguka juu ya ekseli. Wengine hukata kipande cha paipu ya chuma, ni rahisi na kipo tele. Wengine humshauri mteja alipie brasi.

Tuchukue gurudumu la sentimita 70 kwenye ekseli ya milimita 50, likibebeshwa nusu tani, yaani takriban newtoni 5,000. Mkokoteni ukienda kilomita 10, bushi huwa imeteleza juu ya ekseli mita 714 hivi. Kanuni ya ulaji wa metali zinazosuguana, aliyoichapisha mtafiti Archard mwaka 1953, ni hii:

V = K × W × L / H

V ni ujazo wa metali inayolika, W mzigo, L umbali wa kuteleza, H ugumu wa metali inayolika. Ongeza mzigo au safari kwa nusu, ulaji nao unaongezeka kwa nusu. K huonyesha jinsi metali mbili zinazosuguana zinavyoshikana. Zikisuguana kavu, chuma laini kwa chuma laini ni takriban 0.007, na brasi kwa chuma kigumu takriban 0.0006. Ukipiga hesabu, chuma hupoteza sentimita 14 za ujazo katika kilomita hizo 10, na brasi mbili tu, ingawa brasi ndiyo laini zaidi. Vyuma vya aina moja hushikana vinukta kwa vinukta na kung'oana. Ukifungua utakuta uso umechanika na vipande vya kimoja vimegandia kingine. Grisi hupunguza hasara hiyo mara mamia.

Hadi hapo ningewaunga mkono watu wa brasi. Lakini mikokoteni mingi hubeba mchanga wa mtoni, na mchanga huingia kwenye bushi. Chembe zake ni ngumu kuliko chuma chochote cha ekseli, hata kilichopashwa moto na kuzimwa kwenye mafuta ili kiwe kigumu. Zikifika kwenye brasi hujikita humo na kubaki, halafu hukwaruza ekseli kama msasa. Dalili yake ni mifereji inayozunguka ekseli huku bushi ikionekana bado nzima. Hasara inahamia kwenye kipande kilichochomelewa chini ya mkokoteni, ambacho kukibadilisha ni kazi kubwa.

Kwa hiyo ningeweka brasi kwenye mkokoteni wa mahindi au magunia ya mchele wa Ahero, wenye sili nzima. Kwa mchanga ningeweka bushi ya chuma kilichozimwa, na juu ya ekseli kuvalisha bomba gumu zaidi linaloweza kung'olewa. Pini na bushi za ndoo ya ekskaveta hutengenezwa kwa chuma kilichozimwa pande zote mbili kwa sababu hiyohiyo. Gharama yake ni kwamba mpangilio huu hausamehe ukavu: grisi ikiisha, vyuma vitarudi kushikana. Pampu grisi mpya hadi ile chafu, yenye mchanga, itoke yote pembeni na ifuatwe na safi.