Kusoma biti mara 16 au mara 8 kwenye 115200: nani anaumia?

"Mkuu, risiva inayosampuli mara 16 si ndo nzuri kuliko ya mara 8? Sa mbona mi yangu ya 16 inageuza A kuwa C1?"

Jamaa yuko Mtwara mjini, anatengeneza kionyeshi cha uzito kwa ajili ya ghala la korosho. Ana bodi mbili za ATmega328P zenye kristali ya 16 MHz. Ya kwenye mizani inatuma kwa `Serial.begin(115200)`, ya kwenye kionyeshi kaandika rejista mwenyewe kwa C, `UBRR0 = 8`, na `U2X0` kaiacha sifuri, yani inasoma mara 16.

Wanaotetea 16 wana hoja nzito, hilo nakubali. Risiva haina kloki ya mwenzake, inachojua ni pale laini ilipodondoka kwenye stati biti, basi kuanzia hapo inahesabu yenyewe mpaka stopu biti bila kurekebishwa njiani. Ikichungulia laini mara 16 kwa kila biti, itachelewa kuliona dondoko kwa 1/16 ya biti tu, ikichungulia mara 8 inaweza kuchelewa hadi 1/8. Halafu inasoma katikati ya biti, sampuli ya 8, 9 na 10, zinapiga kura na mbili kati ya tatu zinashinda (kwenye mara 8 ni ya 4, 5 na 6). Datashiti nayo inashauri tofauti yote ya kasi isizidi 2% kwa 16 na 1.5% kwa 8, kwa baiti ya biti 8 bila pariti.

Ila kloki inagawanywa kwa namba nzima, na hapo ndo 16 inapoumia. 16 MHz ukigawa kwa 16 kisha kwa 115200 unapata 8.68, namba ambayo chipu haina, kwa hiyo unachukua 9 (`UBRR0 = 8`, chipu inaongeza moja yenyewe) na kasi yako halisi inakuwa 111111, pungufu 3.5%. Ukienda mara 8 unagawa kwa 17, unapata 117647, ziada ya 2.1%. Yani zote zimetoka nje ya ushauri wa datashiti ukizipima na 115200 kamili, ila ya 8 imetoka kidogo.

Sa rudi kwa jamaa. `Serial.begin` yenyewe kwa 115200 inachagua mara 8, kwa hiyo bodi ya mizani inatuma biti za mikrosekunde 8.5, na ya kionyeshi inahesabu biti za mikrosekunde 9. Biti ya mwisho ya data kwa mtumaji inaanza mikrosekunde 68 na kuisha 76.5. Risiva inaisoma lini? Biti 8 na nusu mara mikrosekunde 9, ni 76.5 hiyohiyo, ukingoni kabisa, ukiongeza na kale kaucheleweshaji ishaingia kwenye stopu biti ambayo ni 1. A ni 0x41, biti ya juu ikigeuka 1 inakuwa 0xC1. Hata hamna kelele hapo, ni hesabu tu.

Angegeuza mwelekeo angeona dalili nyingine. Risiva ya haraka inawahi, data inasomeka sawa ila sampuli ya stopu inaangukia 80.75 wakati stopu inaanza 81, basi bendera ya `FE0` inawaka mara moja moja. Herufi sahihi na `FE0` inawaka, risiva inakimbia. Biti ya juu inageuka 1, risiva inachelewa. Hiyo haihitaji osiloskopu.

Na bodi mbili zote za 111111 zinaelewana vizuri tu, maana kinachohesabika ni tofauti baina yao, sio ukweli wa namba.

Kuna hoja ya kelele pia, watu wanaipa 16 bila kuiangalia. Kwa 115200 kura za 16 zimebanana, zimeachana kama nusu mikrosekunde, kwa hiyo mshtuko wa mikrosekunde 0.8 unaweza kubeba kura mbili na ushinde. Kwenye 8 zimeachana kama moja, huo huo unapata moja tu. Kwa mshtuko mrefu zaidi faida hiyo inaisha.

Mi ningemwambia aweke hivi kwenye kionyeshi:

```c
UCSR0A = (1 << U2X0);
UBRR0 = 16;
```

Ila kama uzito unabadilika mara chache kwa sekunde, 115200 ya nini? Kwa 38400 mgawanyo wa 16 unatoa 38461, ziada ya 0.16% tu, hapo 16 ndo mfalme kweli, ila akishusha lazima ashushe bodi zote mbili. Asithubutu tu kung'oa kristali abane matumizi kwa osileta ya ndani ya 8 MHz, ile kiwandani inaruhusiwa kukosea hadi 10%, na chini ya bati la ghala Oktoba inayumba zaidi, hapo uwe wa 16 au wa 8 umeisha.