Waliokuwa Kijiweni Si Sampuli Nasibu

Wiki iliyopita nilisoma sura ya tatu ya tasnifu moja, nikaiweka kando nikaenda kuchemsha chai kwanza. Mwanafunzi anachunguza kipato cha waendesha bodaboda wa kata moja. Anasema wako 800, anasema fomula ya Yamane imempa sampuli ya watu 267, kisha anaandika kwamba hao 267 "waliteuliwa kwa njia nasibu, ambapo mtafiti alitembelea vijiwe na kuwahoji waliopatikana bila upendeleo wowote."

Bila upendeleo wowote! Namwamini kabisa. Sidhani kama alimruka mtu kwa kabila lake au kwa rangi ya pikipiki yake. Lakini unasibu hauhusiani na usafi wa moyo wa mtafiti. Sampuli huwa nasibu pale kila mmoja katika jamii inayochunguzwa anapokuwa na nafasi ya kuteuliwa inayojulikana, isiyo sifuri, na kura ndiyo inayoamua nani aingie, si miguu ya mtafiti wala saa aliyoshuka kwenye daladala. Alichofanya yeye ni sampuli ya urahisi. Si tusi. Ni njia inayojulikana, ina mahali pake, na kwa swali lake yeye hapakuwa mahali pake.

Maana fikiria nani yuko kijiweni saa nne asubuhi. Wanafunzi wameshapelekwa shule, wafanyakazi wameshafika kazini. Mwenye wateja wake wa simu hayupo, yuko njiani na mzigo wa mtu. Aliyeketi juu ya tangi anachezea simu ni yule ambaye abiria hawajamwona. Sasa chukua wawili tu. Mmoja hukaa kijiweni dakika 50 katika kila saa, mwingine hukaa 10. Ukifika wakati wowote ule, nafasi ya kumkuta wa kwanza ni mara tano ya kumkuta wa pili. Na wa kwanza ndiye mwenye kipato kidogo! Kwa hiyo kitu kilekile unachokipima ndicho kinachoamua nani aingie kwenye dodoso lako. Umewauliza wasio na abiria wanapata kiasi gani, ukashangaa kwamba bodaboda hailipi, ukaandika mapendekezo kwa halmashauri.

Kuongeza idadi hakusaidii. Ukihoji 267 kwa njia hiyo, au uende kata nyingine kumi uhoji 2,670, kosa linabaki palepale. Kinachoongezeka ni ujasiri wako tu.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa, na mtanivumilia. Fomula ya Yamane ni n = N / (1 + N × e²). Weka 800, weka e ya 0.05, chini unapata 3, juu ya mstari 800, jibu 267. Wengine hukimbilia jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 na kutoka na 384 yao, ambayo kwa jamii kubwa inatokana na 1.96² × 0.5 × 0.5 / 0.05². Hesabu zote mbili zimejengwa juu ya sharti moja: kwamba watu watatolewa kwa kura. Hiyo 0.05 ni kiasi ambacho jibu lako linaweza kuyumba kwa sababu ya kura peke yake, na kwa fomula hizi ni kuyumba kwa asilimia, si kwa wastani wa shilingi, lakini hilo tuliache. Kama hakukuwa na kura, hiyo 0.05 haipimi kitu. Ni mtu kuvaa joho la mahafali ambayo hakuhitimu. Ukiwa na sampuli ya urahisi, sema ulihoji watu 90 kwa sababu ndio muda na nauli vilivyoruhusu, au kwa sababu baada ya hapo majibu yalianza kujirudia, na hakuna atakayekucheka. Nitakayemcheka ni wa 267.

Na kuna jambo lililonifanya nimpigie simu mwanafunzi huyo. Nilimuuliza: hiyo 800 umeitoa wapi?

"Kwenye daftari la umoja wao, mwalimu. Mwenyekiti alinipa nipige picha."

Lina nini humo?

"Majina, namba za simu, na kijiwe cha kila mmoja."

Nikanyamaza kidogo. Amepiga picha daftari lenye majina 800 na namba za simu, akachukua jumla ya chini, majina akayaacha! Orodha ambayo watafiti wengine wanaililia alikuwa nayo mfukoni. Kazi iliyobaki ilikuwa kuyaingiza majina kwenye Ekseli, kuandika `=RAND()` kwenye safu ya pembeni, kuzigandisha namba zile ili zisibadilike, kupanga kwa kuzifuata, na kuchukua majina 267 ya juu. Kisha anapiga simu. Asiyepatikana leo anatafutwa kesho na keshokutwa, halipandishwi jina linalofuata kwa sababu tu limepokea haraka, maana asiyepokea simu mchana ndiye yule aliye barabarani na abiria. Angebakiza wachache wasiopatikana kabisa, angewataja ni wangapi na wa vijiwe gani. Hata kama majina yasingekuwepo, vijiwe vipo na vinahesabika: unapiga kura ya vijiwe, kisha kwenye kila kijiwe kilichotoka unamwomba kiongozi wa kijiwe akutajie wote wanaopaki hapo, si waliopo wakati huo. Kwa njia hii unahitaji watu wengi zaidi ili upate uhakika uleule, kwa kuwa wa kijiwe kimoja hufanana kipato.

Najua mtakachosema. Muda wa fildi ni mfupi, fedha hazipo, kibali kinachelewa, na msimamizi mwenyewe ndiye anayesema "andika nasibu, kamati isikusumbue." Hilo la mwisho ni kweli, na ni aibu yetu sisi, si ya wanafunzi. Hayo mengine nayakubali shingo upande. Lakini "sikuwa na fedha" inaeleza kwa nini ulifanya hivyo. Haioneshi kwamba jibu ulilopata linaaminika.

Basi inakubalika lini? Kipimo changu ni swali moja: je, sababu iliyomfanya mtu huyu apatikane kwa urahisi inahusiana na kile ninachotaka kukijua? Ukiwa unajaribu dodoso uone kama swali la bima linaeleweka, waite hao hao wa kijiweni, wanatosha. Ukitaka kujua ni mbinu zipi madereva hutumia kulipa hesabu ya bosi siku ya mvua, unatafuta aina za mbinu, hutafuti asilimia, hivyo nenda kijiweni kwa amani, ila zungukia na wale wa usiku. Ukiwa na jaribio unalolinganisha matangazo mawili ya kofia ngumu, unaweza kutumia waliopo, mradi nani aone lipi uamue kwa kurusha shilingi. Hapo unasibu upo kwenye kugawa, si kwenye kuteua, na unakupa haki ya kusema tangazo lipi limefanya kazi kwa hao, bila kudai ni hivyo hivyo nchi nzima.

Dodoso la Google Form lililorushwa kwenye magrupu ya WhatsApp kuchunguza matumizi ya intaneti vijijini silijadili.

Ila kuna matumizi ya sampuli ya urahisi ninayoyaheshimu, na yako hapa kwetu. Kwa miaka mingi takwimu za VVU katika nchi zetu zilitegemea damu ya akina mama wajawazito waliofika kliniki zilizochaguliwa. Ni sampuli ya urahisi iliyo wazi kabisa: damu inatolewa tayari kwa vipimo vingine, hakuna haja ya kugonga mlango wa mtu. Kwa Kenya, makadirio ya UNAIDS ya mwisho wa 2001 yalikuwa asilimia 15 ya watu wazima. Ukaja utafiti wa kaya wa 2003, wenye maeneo na kaya zilizoteuliwa kwa kura, ukakuta asilimia 6.7: wanawake 8.7, wanaume 4.6. Huo nao haukuwa msafi kabisa, kwa kuwa si kila aliyeteuliwa alikubali kutolewa damu. Lakini pengo lile lilikuwa kubwa mno kupuuzwa, na sehemu yake inaelezeka: wajawazito wote wamekutana na wanaume bila kinga, kliniki nyingi zilikuwa mijini na kando ya barabara kuu, na wanaume na wanakijiji walikadiriwa kutokana na hao.

Je, kliniki zilitupwa? Hapana. Ukirudi kliniki zilezile, kwa utaratibu uleule, mwaka baada ya mwaka, unaona maambukizi yanapanda au yanashuka, mradi wanaofika hapo wasibadilike sana. Kwa swali la "ni wangapi" zilipotosha, kwa swali la "kunaelekea wapi" zilisaidia. Sampuli ni ileile. Kilichobadilika ni swali.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kutetea sampuli yake ya urahisi mbele yangu aniandikie kitu cha namna hii, naye yule wa bodaboda nilimwambia hivyo hivyo, kwa kuwa muda wa kurudi fildi hana:

"Nilihoji waendesha bodaboda 267 niliowakuta kwenye vijiwe kati ya saa tatu na saa saba mchana. Hawakuteuliwa kwa kura. Wenye wateja wa kudumu, wa usiku na wanaobeba mizigo wana nafasi ndogo ya kuwemo, na kwa sababu hiyo wastani wa kipato ninaoutoa huenda uko chini ya ule wa kata nzima. Siutumii kukadiria kipato cha waendesha bodaboda 800. Ninaeleza jinsi waliohojiwa wanavyogawanya mapato kati ya mafuta, hesabu na matengenezo."

Imemgharimu kubadilisha kichwa cha utafiti na kufuta ukurasa mzima wa Yamane. Aliuliza kama kamati haitamkata alama kwa kutokuwa na fomula. Nilimwambia wakiuliza, afungue kitabu cha takwimu kwenye ukurasa wenye sharti la kura awaulize wao kura ilipigwa wapi.