Ada zilizokula zaidi ya mwenye kadi

“Kaka, mwezi wa tatu niliweka dola 100 kwenye kadi ya kujaza niliyonunua duka la dawa hapa Marekani. Nimenunua kitu kimoja tu, cha dola 38. Leo nimekwenda kununua viatu vya mtoto vya dola 45, kadi imekataa. Salio linasema 23.50. Nani kaiba?”

Hakuna aliyeiba, dada, na ndiyo maana inauma. Nilimwomba anitumie orodha ya miamala, tukaipitia mstari kwa mstari. Kadi ilianza kazi tarehe 4 Machi. Aliitumia tarehe 10, zikabaki dola 62. Kuanzia tarehe 4 Aprili, kila mwezi imekatwa 4.95 ya utunzaji wa akaunti, na hadi Septemba hiyo ni mara sita: 29.70. Tarehe 8 Juni zikatimia siku 90 tangu alipoitumia mara ya mwisho, ikaingia ada ya pili, ya kadi kulala, 1.95 kila mwezi. Mara nne, 7.80. Tena aliwahi kuangalia salio kwenye mashine ya kutolea fedha mara mbili, kila mara senti 50. Jumla ni 38.50. Yeye mwenyewe alitumia 38. Ada zimempita kwa nusu dola.

Hizo senti 50 zina uchungu wake. Alidhani kwa kuangalia salio alikuwa “ameitumia” kadi. Mkataba wake unahesabu manunuzi, kutoa fedha na kujaza. Kuchungulia salio hakuhesabiki. Alilipa ili aone pesa zake zikipungua, na saa ya kulala ikaendelea kuhesabu.

Sasa tuzipe kampuni za kadi nafasi yao, maana zina hoja. Benki ya kawaida humfuga mteja kwa matumaini kwamba kesho atachukua mkopo. Mwenye kadi ya kujaza hachukui mkopo. Kampuni hupata chake hasa anapopitisha kadi dukani, kwa sababu muuza duka hukatwa sehemu ndogo ya mauzo na fungu lake hurudi kwa benki iliyotoa kadi. Kadi ikilala kwenye droo, mfereji huo unakauka. Lakini akaunti bado ipo kwenye mitambo, anayeiendesha mitambo hiyo anadai malipo yake, na siku mteja akipiga simu kwamba kadi imepotea, lazima awepo mtu wa kupokea.

Kuna wanaosema: si wanazalisha riba kwa pesa zetu? Ni kweli kwamba salio letu limewekwa benki pamoja na la wengine, na riba yake kwa kawaida haitufikii. Ila tupige hesabu. Dola 62 kwa riba ya asilimia 5 zinazaa dola 3.10 kwa mwaka mzima. Haifiki ada ya mwezi mmoja. Kwa hiyo anayedhani riba pekee ingelipia huduma ya salio dogo hivi anajidanganya, na hapo naungana na kampuni.

Ninapoachana nao ni kwenye ile ada ya pili. Ikiwa 4.95 ndiyo gharama ya kuweka akaunti hai, basi kadi iliyolala tayari imeshailipia. Wala haisumbui: haina manunuzi ya kushughulikia, haina malalamiko, haina simu. Kumtoza aliyelala zaidi ya anayetumia ni kama mwenye gesti kukuongezea kodi kwa sababu hukulala chumbani. Kwa macho yangu hiyo si gharama tena. Ni mapato yanayotegemea usahaulifu wa mteja.

Halafu ada ya kiwango kimoja humlemea mwenye kidogo. Anayepitishia mshahara wa dola 2,000 kwenye kadi hiyo hiyo, 4.95 kwake ni robo ya asilimia moja. Tena kadi nyingi humsamehe kabisa, maana mshahara wake unaingia moja kwa moja. Kwa huyu dada yetu mwenye 62, makato ya mwezi wa kwanza ni karibu asilimia 8. Anayeweka kidogo kwa tahadhari ndiye anayebanwa.

Na sheria je? Ipo, ila ina mpaka ambao wengi hatuujui. Kule Marekani, kwa sheria ya mwaka 2009 ambayo kanuni zake za kadi za zawadi zilianza kazi Agosti 2010, kadi ya zawadi haikatwi ada ya kulala wala ya utunzaji mpaka ipite miezi 12 bila kutumika. Baada ya hapo ni ada moja tu kwa mwezi, si mbili. Na pesa zenyewe haziruhusiwi kuisha muda kabla ya miaka 5. Kama dada angenunua kadi ya zawadi ya dola 100, angelipa ada ya kuinunua pale kaunta, lakini Septemba angekuta 62 zake zote.

Tatizo ni kwamba kadi inayojazwa upya, isiyouzwa kama zawadi, haimo kwenye ulinzi huo. Zote mbili zinaning’inia ubao mmoja pale dukani, plastiki ile ile, nembo ile ile kwenye kona. Ukiona neno Reloadable, yaani inayojazwa upya, umevuka mpaka. Kwa hizi, kanuni iliyoanza kazi mwaka 2019 haikukataza ada. Ililazimisha tu zionyeshwe kwenye kisanduku kifupi: juu kabisa, kwa herufi kubwa, Monthly fee, yaani ada ya mwezi, na ada tatu nyingine za kawaida, chini yake nyinginezo, ikiwemo Inactivity, ile ya kulala.

Watetezi wa kanuni watasema basi, ameonyeshwa, angesoma. Ni haki yao kusema hivyo. Lakini kisanduku hicho kipo kwenye karatasi ya kifungashio, na dada aliitupa kwenye pipa la mlangoni siku hiyo hiyo, kama tunavyofanya sote. Mwezi wa sita, ada ya kulala ilipoanza, hakuna karatasi iliyomgonga bega. Mimi ningeona haki zaidi kama ujumbe mfupi wa simu ungelazimishwa wiki moja kabla ya makato ya kwanza ya aina hiyo. Namba yake wanayo. Walimwomba siku ya kusajili kadi.

Kuhusu zile 23.50: asisubiri tarehe 4 Oktoba. Viatu bado anaweza kuvipata kwa kadi hiyo, ila amwambie mhudumu kabla ya kupitisha, “Kata 23.50 kwenye kadi hii, 21.50 nitakupa taslimu.” Ilikataa kwa sababu mashine iliomba 45 zote kwa mkupuo. Asiipeleke kituo cha mafuta kulipia kwenye pampu, kwani pampu huzuia kiasi kikubwa kuliko atakachojaza na salio dogo litagoma tena. Ikifika sifuri, apige namba iliyo nyuma ya kadi na aombe akaunti ifungwe. Baadhi ya mikataba huacha ada ambazo hazikupata pesa zikingoja, kisha huzikata siku utakapojaza tena. Huyu dada alikuwa amepanga kuiwekea pesa za Krismasi.