Msusi wa Mbagala mwenye wafuasi elfu sita

Mwaka jana nilimlipa kijana mmoja wa vichekesho shilingi 200,000 aniposti mafuta yangu ya nywele. Ana wafuasi 18,000, na video ilitazamwa mara 22,000. Mimi na mdogo wangu tulikaa na simu mkononi jioni nzima tukingoja oda. Watu walicheka kweli, chini ya video kulijaa "umeniua" na "huyu jamaa mshenzi". Chupa zilizotoka ni nne.

Kosa halikuwa la kijana, alifanya kazi yake vizuri. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu watu wanaomfuata wanakwenda kwake kucheka, na hakuna anayetoka kwenye kicheko akaenda kununua mafuta ya nazi na karafuu. Tangu hapo nimebadilisha kabisa ninavyochagua influensa, na naomba nibishane na ushauri unaozunguka kwamba mwenye biashara ndogo atafute "mwenye wafuasi kuanzia elfu kumi". Idadi ya wafuasi siku hizi naiangalia mwisho kabisa.

Cha kwanza nasoma maoni chini ya video zake kumi za mwisho, tena zile ambazo hakulipwa na mtu. Natafuta maswali. "Dada hiyo rasta umenunua wapi?" "Hii inafaa nywele za dawa?" "Bei?" (Na akijibiwa "njoo inboksi" najua huyo anajua biashara, ingawa mimi binafsi hiyo tabia ya kuficha bei inanikera.) Nikiona maoni ni mioto na makopakopa matupu kutoka kwa majina yaleyale kila video, napita. Hao mara nyingi ni kundi la waposti wanaopeana maoni ili wote waonekane wana watu.

Cha pili namwomba anirekodie kioo cha simu akiwa anafungua takwimu za akaunti yake, mikoa ikionekana. Narudia: arekodi video. Picha ya kioo inahaririwa kwa dakika mbili. Hapo ndipo nilipomwacha dada mmoja mrembo sana mwenye wafuasi 41,000, aliyetaka 400,000 kwa video moja na stori mbili. Video zake zilikuwa zinatazamwa kama mara 5,000, na watazamaji wa Dar es Salaam walikuwa asilimia 38. Mimi naweza kutuma mikoani kwa basi, lakini nauli ya kifurushi inakula karibu nusu ya bei ya chupa, kwa hiyo mteja wangu halisi yuko Dar.

Nikapiga hesabu yake hivi. Chupa ya mililita 250 nauza 12,000. Mafuta yenyewe, chupa, kifuniko, lebo na mfuko vinanigharimu 5,500, inabaki 6,500. Ili 400,000 irudi lazima ziuzwe chupa 62. Kwa uzoefu wangu wa WhatsApp, katika watu mia wanaoniandikia kuuliza, wanaonunua ni kama 35. Kwa hiyo ningehitaji watu 177 waniandikie. Kati ya watazamaji 5,000, wa Dar ni 1,900. Yaani katika kila wana-Dar kumi na mmoja waliopita kwenye video ile, mmoja angepaswa kuacha shughuli zake na kuniandikia. Hilo halitokei kwa mafuta ya nywele. Nilimshukuru, akaniambia siko siriasi na biashara yangu.

Niliyemchukua ni msusi wa Mbagala. Wafuasi 6,300, video zake hutazamwa mara 3,000 hivi, na zaidi ya asilimia 70 ni watu wa Dar. Anarekodi akiwa kazini: anafumua, anaosha, anachana, anasuka, huku akiongea na mteja. Mafuta ni kitu ambacho mkono wake ungekishika hata kama mimi sipo.

Nilipomuuliza bei alinijibu, "Dada, nipe chochote." Hapa wengi wetu tunafurahi, tunatoa chupa mbili za bure na kuita hiyo ushirikiano. Mimi naona ni unyonyaji, na pia ni biashara mbaya, kwa sababu mtu uliyempa "chochote" ataposti siku yoyote, na ataifuta siku yoyote. Kwa hiyo nilimuuliza swali lingine: nusu siku unasuka vichwa vingapi? Akasema viwili, kichwa 25,000. Basi nusu siku yake ni 50,000, na video mbili zingerekodiwa katikati ya kazi bila kumsimamisha muda wote huo. Tukakubaliana 80,000 kwa video mbili, nusu kabla na nusu baada ya video ya pili kupanda, chupa tatu za kutumia, na 1,500 kwa kila chupa itakayonunuliwa na mteja mpya kutoka kwake. Chupa tatu zinanigharimu 16,500, jumla ya gharama isiyobadilika ikawa 96,500. Nikitoa kamisheni yake, kwenye kila chupa nabaki na 5,000. Nikiuza chupa 20 nimerudisha pesa yangu. Chupa 20 ni kama watu 57 wanaouliza, kati ya watazamaji wa Dar 4,200 kwa video mbili. Mmoja katika kila 74. Hiyo niliona inawezekana.

Makubaliano tuliyaandika WhatsApp kwa lugha ya kawaida: video zikae siku 60, aweke alama ya ushirikiano wa kulipwa, niruhusiwe kuzitumia kwenye ukurasa wangu, na asiposti mafuta ya mtu mwingine kwa siku 30. Kipengele kimoja nilikisahau na kidogo kinitoe jasho. Kwenye rasimu ya kwanza alisema "ndani ya wiki mbili nywele zinaota mpaka mnashangaa". Mafuta yangu yanalainisha na kupunguza kukatika, hayaoteshi kitu. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, na dai la namna hiyo ni langu mimi mwenye lebo hata kama limetoka mdomoni kwake. Bahati nilikuwa nimeomba kuiona kabla haijapanda. Alirekodi upya, akasema tu kwamba kitana kinapita bila kuvuta, na tukaona kweli kinapita. Rekodi hiyo ya pili ndiyo iliyouza.

Sasa kupima, ambako ndiko watu wengi wanakodanganyika. Nilimpa kiungo chake peke yake, kinachofungua WhatsApp yangu kukiwa na ujumbe umeshaandikwa:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Nataka%20mafuta%20MSUSI
```

Mteja akibonyeza, neno MSUSI linakuja lenyewe, na mimi namwekea lebo ya jina hilo kwenye WhatsApp Business. Sikuweka punguzo. Zamani niliwahi kuweka punguzo la asilimia kumi kwa neno la siri, na neno likasambazwa kwenye magrupu mpaka wateja wangu wa miaka miwili wakawa wanalitaja. Nikamlipa influensa kamisheni kwa watu ambao wangenunua hata bila yeye.

Kiungo nacho hakikamati wote. Mtu anaona video usiku, anahifadhi namba, anapiga wiki inayofuata. Kwa hiyo kila anayeagiza tunamuuliza "umetuona wapi?" kabla hatujampa Lipa Namba, si baada, kwa sababu akishalipa hajibu tena maswali.

Baada ya siku 28 tulikuwa na chupa 34 zenye neno MSUSI. Nilipozilinganisha na namba zilizokuwamo tayari kwenye simu, chupa sita zilikuwa za wateja wa zamani waliobonyeza tu kiungo. Zikabaki 28 za wapya, tukaongeza tano za watu wasio na neno lakini waliosema "nilimwona yule dada anayesuka". Jumla 33.

Kisha nikafanya jambo moja la kujihakikishia. Siku 28 za kabla yake niliuza chupa 38 kwa jumla, na siku 28 zenyewe niliuza 69. Ongezeko ni 31. Inakaribiana na 33, kwa hiyo nikaamini hesabu. Ingekuwa neno lake linaonyesha 33 na ongezeko ni kumi tu, ningejua wengi walikuwa wanakuja wenyewe. Ila kuwa mwangalifu na tarehe: vipindi vyote viwili lazima viwe na mwisho wa mwezi mmoja ndani yake. Ukilinganisha wiki ya tarehe 14 na wiki ya mshahara, hata ukuta wa choo utaonekana umekuuzia.

Faida ikawa hivi: chupa 33 mara 6,500 ni 214,500, toa kamisheni 49,500, toa 96,500, nikabaki na 68,500. Kwa mwezi mzima wa kujibu meseji, hiyo si pesa ya kujisifia. Ningeishia hapo ningesema haikulipa sana. Lakini chupa moja huisha kwa kama wiki sita, na wale 33 walikuwa watu 29, maana wengine walichukua mbili. Hadi wiki ya kumi, 11 kati yao walikuwa wamerudi kununua tena, chupa mojamoja, bila kamisheni. Hiyo ni 71,500 nyingine, zaidi ya faida yote ya mwezi wa kwanza. Yule wa vichekesho, katika wanunuzi wake wanne, hajarudi hata mmoja. Ndiyo maana siku hizi sifungi daftari la ushirikiano kabla ya wiki ya kumi.

Wiki iliyopita msusi amenitafuta. Ameona kazi yake inauza, na sasa anataka 120,000 kwa video mbili, pamoja na kamisheni ileile. Ana haki ya kuomba. Kwangu gharama isiyobadilika ingekuwa 136,500, yaani chupa 28 ndipo pesa irudi, na wasiwasi wangu ni kwamba wafuasi wake walio tayari kununua wameshanunua. Hao wakirudi hawahesabiki tena kuwa wapya. Nimemrudishia pendekezo jingine: 80,000 ileile, lakini kamisheni ipande hadi 2,500 kwa chupa. Mimi nitahitaji kuuza 25 ili nisipate hasara, na zikifika hizo yeye atakuwa ameshika 142,500, ingawa kwa ombi lake angeshika 157,500; pendekezo langu litampa zaidi ya alichoomba zikipita chupa 40. Kamisheni zikiwa chini ya 16, atapata pungufu ya 120,000.

Ameniambia, "Dada, ngoja nimuulize mume wangu." Video zake nimezitazama tena jana usiku, na kwenye ile ya mwisho kuna mtu ameuliza kama mafuta yanafaa watoto. Nimemjibu mwenyewe.