Gesi ya wei, na sahani ya mchana

"Nina kilo 70, nabeba vyuma siku nne kwa wiki. Unga wa protini ya wei unanijaza gesi na kunihangaisha chooni. Nihamie kaseini, ya mimea, au niachane na unga kabisa?"

Kabla ya kubadilisha kopo, asubuhi moja kunywa glasi ya maziwa freshi ukiwa hujala kitu. Tumbo likiunguruma vilevile ndani ya saa chache, mshukiwa wako ni laktosi, sukari ya maziwa ambayo watu wazima wengi huku kwetu hawaisagi vizuri. Kaseini huenda isikuokoe hapo maana nayo hutoka kwenye maziwa kama wei; sifa yake ni kuganda tumboni na kusagika taratibu, ndiyo maana wengine huinywa kabla ya kulala. Wei iliyochujwa zaidi, ile ya aisoleti, hubaki na laktosi kidogo sana, ila bei yake imechangamka. Maziwa yakipita salama, soma viungo vya kopo lako: sukari bandia kama sobitoli huleta gesi hiyohiyo.

Ya mimea haina laktosi. Mchanganyiko wa njegere na mchele una mantiki, kwa sababu asidi amino iliyopungua kwa mmoja imo kwa mwenzake. (Bibi zetu walimaliza hesabu hiyo zamani kwa makande.) Kasoro yake ni kwamba mimea hufyonza madini yenye sumu, risasi na kadimiamu, kutoka udongoni, na vipimo vya maabara vimekuta unga wa mimea mara nyingi ukizidi wei kwa madini hayo, hasa wenye ladha ya chokoleti. Ukiuchagua, tafuta kopo lenye alama ya NSF Certified for Sport, kisha hakiki bidhaa hiyo kwenye tovuti yao, maana stika hata mtaani inachapwa.

Sasa sahani. Kwa mazoezi yako, gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili zinatosha, yaani 112 kwa siku. Mayai matatu na glasi ya mtindi asubuhi ni kama 26. Mtindi huwasumbua wachache kuliko maziwa freshi. Ugali na kikombe kimoja na nusu cha maharage yaliyoiva, 38. Jioni wali na kipande kikubwa cha samaki, 41. Konzi ya karanga, 7. Umefika bila kufungua kopo.

Mimi ningekuwa wewe ningeacha unga, isipokuwa kwa siku unazotoka kazini usiku, mgahawa umefungwa na nyumbani hakuna kitu. Hapo kijiko kimoja chenye gramu 20 hadi 25 za protini kina kazi. Ila kama una ugonjwa wa figo, hata hiyo 112 usiifuate kabla ya kuonana na daktari.