Barua ya kodi iliyochelewa isimwambie mpangaji "unakaa bure"

Barua nyingi za kudai kodi hapa Dar zinaharibika kwenye hesabu. Mwenye nyumba anaandika "unadaiwa miezi miwili, unakaa bure kwangu", wakati mpangaji amelipia kila siku aliyolala humo. Kodi zetu nyingi zinalipwa mbele, miezi mitatu au sita kwa mkupuo, kwa hiyo mtu anaweza kuwa amevunja mkataba bila kukaa hata usiku mmoja bure. Barua ikichanganya mambo haya mawili, mpangaji anapata pa kubishia, na ubishi ukianza hela inasahaulika.

Tuchukue chumba na sebule Sinza, kodi 250,000 kwa mwezi. Mkataba unasema kodi ya miezi mitatu, yaani 750,000, iwe imelipwa ifikapo tarehe 1 ya mwezi unaoanza kipindi. Kipindi hiki ni Mei mpaka Julai. Mei 9 mpangaji ametuma 300,000 kwa simu, kisha kimya. Leo ni Mei 20.

Hiyo 300,000 imelipia Mei yote na ikabaki 50,000. Gawa 250,000 kwa siku 30 za Juni, unapata kama 8,333 kwa siku, kwa hiyo 50,000 inamfikisha Juni 6. Leo basi hajakaa bure. Alichovunja ni tarehe: 450,000 ilitakiwa iwe imeingia Mei 1. Ndivyo barua iseme:

"Ndugu mpangaji, kwa mkataba wetu kodi ya Mei hadi Julai, Sh 750,000, ilitakiwa kulipwa ifikapo Mei 1. Nilipokea Sh 300,000 Mei 9. Imebaki Sh 450,000. Kupokea malipo hayo baada ya tarehe hakujabadilisha tarehe ya mkataba: kipindi hiki kinaisha Julai 31, na kodi inayofuata ni Agosti 1."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayosahaulika sana, nami naona ndiyo yenye thamani kuliko zote. Mpangaji aliyelipa Mei 9 huhesabu miezi yake mitatu kuanzia siku aliyotuma hela, kwa hiyo kwake kodi inaisha Agosti 8. Usipomsahihisha kwa maandishi, safari ijayo atalipa Agosti 15 akiamini amechelewa wiki moja tu. Tarehe inasogea kidogo kidogo mpaka hakuna anayejua mkataba ulisema nini.

Halafu njia za kulipa. "Lipa haraka iwezekanavyo" si njia, maana haina siku wala kiasi. Ya kwanza ni kumaliza 450,000 yote ifikapo Mei 31. Ya pili ni 150,000 mara tatu: Mei 31, Juni 15 na Juni 30. Usizivute awamu mpaka Julai. Mwezi huo mpangaji anatakiwa kukusanya 750,000 ya Agosti, na ukimwekea deni la zamani juu yake umeshaandaa kuchelewa kwingine.

Njia ya tatu wenye nyumba wengi hawapendi kuiandika, lakini ni ya haki: kama hali imembana, alipe 200,000 ifikapo Mei 31, jumla iwe 500,000 ya Mei na Juni, kisha ahame Juni 30 na Julai asidaiwe. Nawe unapata mwezi mzima wa kutafuta mpangaji mwingine, badala ya kushtukia chumba kimeachwa wazi usiku.

Umeme, maji na takataka visiingie kwenye deni hili. Kama Luku ni ya kuchangia na hajatoa zamu yake, mwandikie kando, la sivyo ile 450,000 itageuka kuwa mjadala wa nani anapika kwa umeme. Na usitishie kufuli wala kukata umeme. Ukifunga mlango bila amri ya chombo cha sheria, wewe uliyekuwa unadai ndiye utakayeshtakiwa.

Barua iwe nakala mbili, mpe mkononi, asaini na kuandika tarehe kwenye nakala yako. Akikataa kusaini, mkabidhi mbele ya mjumbe, naye aandike kwamba ameshuhudia. Usiibandike mlangoni. Kwenye nyumba ya wapangaji sita itasomwa na wote kabla hajarudi kazini, na aliyeaibishwa hatafuti hela, anatafuta dalali.

Chini acha mstari wa yeye kuandika njia aliyoichagua. Akichagua awamu, kila stakabadhi iseme kiasi kilichopokelewa, kipindi kinacholipiwa na salio. Baada ya awamu ya Mei 31, kwa mfano: "Sh 150,000, kodi ya Mei–Julai, salio Sh 300,000." Ujumbe wa muamala kwenye simu unaonyesha hela imeingia, ila hausemi ni ya mwezi gani.